Mizani Imetimia, Mama Haonekani

Tuseme kikundi cha washairi kimekutana jioni, na mwenzao mmoja anaghani ubeti mpya:

Soko limejaa watu, mama hana cha kuuza,
Kikapu hakina kitu, jua linamuunguza,
Amekaa siku tatu, ndugu zangu nawajuza...

Kitu cha kwanza wengi hufanya ni kuhesabu kwa vidole. Kila kipande kina mizani 8, mshororo mzima 16. Vina vya kati ni "tu", vya mwisho ni "za". Kwa kanuni alizozieleza Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, hapa hakuna kosa. Wenzake wanapiga makofi, wanasema limekaa vizuri, na zamu inapita.

Mtunzi ameondoka mikono mitupu.

Msikilizaji makini angerudi kwenye kipande kimoja tu: "ndugu zangu nawajuza". Mizani zake ni 8 na kina chake ni "za", lakini hakisemi lolote. Kimewekwa kuziba pengo. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kikihamishiwa kwenye shairi la harusi au la msiba, kinakaa vilevile. Zaidi ya hapo, kinamtoa mama sokoni na kumleta mshairi mbele yetu akihutubia. Hivyo ndivyo mtunzi aambiwe, kwa kutajiwa kipande chenyewe: "Mpaka 'siku tatu' nilikuwa namwona mama. Hapa nikampoteza."

Hatari inayofuata ni ukarimu. Mwenzake anadakia, "Weka 'njaa inamuumiza'!" Mizani ni 8, kina kipo, na watu wanaafiki. Ila hiyo njaa ni ya aliyeitoa. Huenda mtunzi hakuifikiria kabisa. Swali lingemfaa zaidi: hizo siku tatu, mama alikuwa akingoja nini?

Tuseme anajibu kwamba alikuwa akingoja gari la nyanya kutoka shamba, na kila lori likisimama anainuka kuulizia matenga yake. Jibu hilo halimo popote katika ubeti, nalo ndilo shairi lenyewe. Kutoka hapo mshororo unajitengeneza: "Amekaa siku tatu, matenga anauliza." Hesabu ni ileile, na mama amerudi sokoni.

Kuhesabu kuna mipaka yake pia. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani ya mashairi huru, na mabishano juu ya vina na mizani yakapamba moto. Kwa hiyo kabla ya kunyoosha vidole ni vizuri kumwuliza mtunzi kama amekusudia kufuata arudhi. Kumkosoa wa mashairi huru kwa mizani ni kulipima shairi ambalo hakuliandika.

Ubeti wa mama bado una deni la mshororo wa nne. Huo ndio kibwagizo, na utarudi katika kila ubeti, kwa hiyo neno la kujazia likiingia hapo litasikika mara nyingi kuliko lile la "nawajuza".