Mzigo Umekwama Kitonga: Ujumbe wa Muuzaji kwa Mwenye Duka

Gari la mzigo linapoharibika njiani, muuzaji wa jumla humtumia mwenye duka ujumbe wa kumweleza kuwa bidhaa zitachelewa. Radhi huombwa humo, lakini si hiyo kazi yake kubwa. Mwenye duka anataka kujua jambo moja: asubiri, au akanunue bidhaa chache kwa bei ya juu papo hapo mjini ili wateja wasihamie duka la jirani.

Tuchukue njia ya Dar es Salaam hadi Mbeya, yenye zaidi ya kilomita 800. Fuso la muuzaji limepakia Kariakoo Jumatatu jioni: sukari, madumu ya mafuta ya kupikia na sabuni za mche. Mwenye duka Mbeya ameahidiwa mzigo Jumatano asubuhi. Jumanne mchana gari linaanza kupanda Kitonga, mkoani Iringa, mlima wa kona kali ambao malori yenye shehena huupanda kwa gia nzito, taratibu. Katikati ya mlima injini inanguruma lakini gari halivuti, na harufu ya kuungua inajaa ndani. Klachi imekwisha.

Dereva atapiga simu na kusema ni tatizo dogo, wanaondoka sasa hivi. Madereva wengi husema hivyo, na muuzaji anayeyapeleka maneno hayo kwa mteja kama yalivyo anajitafutia ugomvi. Ili kubadilisha klachi, gia boksi lazima ishushwe, pleti itafutwe Iringa mjini, na fundi aifuate gari mlimani. Hapo siku imekwenda. Tairi likipasuka na la akiba lipo, ni saa moja au mbili tu. Gia boksi yenyewe ikifa, mara nyingi dawa ni kufaulisha, yaani kuleta gari jingine na kuhamishia mzigo humo. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote, muuzaji humuuliza dereva kimeharibika nini, spea iko wapi, na mzigo una hali gani. Jibu la swali la pili ndilo linalotoa makadirio ya muda.

Ujumbe wenyewe unaweza kusomeka hivi:

"Shikamoo mama. Gari lenye mzigo wako limeharibika klachi leo mchana Kitonga. Fundi ametoka Iringa na pleti mpya, watafanya kazi usiku. Mzigo ni mzima, umefunikwa turubai. Wakiondoka kesho asubuhi, utaupokea Alhamisi asubuhi, si Jumatano kama nilivyokuahidi. Kesho saa 2 asubuhi nitakupigia nikuambie kama wameondoka. Samahani sana kwa usumbufu."

Ahadi ya Alhamisi humo imefungwa kwenye sharti ambalo mama anaweza kulifuatilia: gari kuondoka asubuhi. Saa ya taarifa inayofuata nayo imetajwa, na hiyo ni ahadi ambayo muuzaji anaweza kuitimiza hata fundi akichelewa.

Tabu huja pale gari linapoharibika tena. Jumatano alasiri, baada ya kupita Makambako, tairi moja la nyuma linapasuka. Matairi ya nyuma hukaa mawili mawili, na moja likipasuka mwenzake hubeba uzito wote na kupata joto, kwa hiyo kuendelea hivyo hivyo na shehena ni kulitafutia nalo kifo. Tairi la akiba lilishatumika. Sasa ni Alhamisi jioni.

Ujumbe wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu neno la muuzaji limeshapungua uzito. Lazima umfikie mama kabla hajapiga simu mwenyewe, na heri uje na kitu mkononi: "Nimeongea na mwenzangu wa Mwanjelwa, atakupa mifuko miwili ya sukari leo kwa bei yangu, tutamalizana mimi na yeye." Sukari ndiyo ya kuwahiwa. Mche wa sabuni mteja anaweza kuusubiri, lakini akikosa sukari ya chai ya asubuhi ataifuata kwingine, na huko huko atanunua na vingine.

Nani abebe hasara hutegemea makubaliano. Kwa sheria ya uuzaji wa bidhaa ya Tanzania, kumkabidhi msafirishaji mzigo ili aupeleke kwa mnunuzi kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni kumkabidhi mnunuzi mwenyewe, isipokuwa wawili hao wakikubaliana vinginevyo. Hapa gari ni la muuzaji na aliahidi kufikisha dukani, hivyo mzigo ungali mikononi mwake mpaka ushushwe.

Mzigo ukifika, mama anaangalia kwanza mifuko ya chini. Mtikisiko hulegeza vifuniko vya madumu, na sukari iliyolowa mafuta haiuziki. Kilichoharibika kinaandikwa kwenye hati ya mzigo, dereva anasaini, ndipo gari linaruhusiwa kuondoka.