Milioni Mbili Zinavyogeuka: Maneno Manne ya Mkataba wa Mkopo

Fundi cherehani wa Morogoro anataka kununua mashine mbili za kudarizi. Hajawahi kukopa popote isipokuwa kwenye kikoba cha mtaani. Anahitaji shilingi 2,000,000, naye ana hakika ya kuzirejesha ndani ya miezi 12. Mtaa mmoja una ofisi mbili za mikopo, na zote mbili zinamwambia maneno yaleyale: milioni mbili, mwaka mmoja, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa masikio yake mikopo hiyo haina tofauti. Ukweli ni kwamba mmoja utamgharimu zaidi ya shilingi 350,000 kuliko mwingine, na tofauti hiyo imeandikwa waziwazi kwenye mkataba.

Mfano wa fundi huyu ni wa kubuni, ila hesabu zake ni zile zinazowakuta wakopaji kila siku. Tuufuate mkopo wake tangu siku ya kusaini hadi siku mambo yatakapoharibika.

Neno la kwanza ni deni la msingi. Hiki ni kiasi ambacho mkopaji anatambua kuwa amekopeshwa, kabla riba haijaongezwa. Mkopaji mgeni hudhani kiasi hicho ni fedha alizokabidhiwa mkononi, lakini sivyo. Tuseme ofisi inakata asilimia 2 kuwa ada ya kuandaa mkopo na asilimia 1 kuwa bima, na makato yote yanafanyika siku ya kutoa fedha. Fundi ataondoka na shilingi 1,940,000. Hata hivyo deni lake la msingi linabaki 2,000,000, na riba itahesabiwa juu ya hizo milioni mbili kamili, zikiwamo 60,000 ambazo hakuzishika. Kama bei ya mashine ni milioni mbili kasoro kidogo tu, fedha hazitatosha, na ataanza biashara kwa kutafuta mkopo mwingine wa kujazia. Kwa hiyo anapaswa kuuliza mapema: nitapokea kiasi gani, na nitadaiwa kiasi gani?

Neno la pili, kiwango cha riba, ndilo linalozitenga zile ofisi mbili. Asilimia peke yake haitoshi kumwambia mtu mkopo ni ghali au nafuu. Lazima ajue inahesabiwa juu ya nini.

Ofisi ya kwanza inahesabu riba juu ya deni lote la mwanzo, mwezi hadi mwezi, hata deni likiwa limeshapungua. Asilimia 3.5 ya milioni mbili ni shilingi 70,000. Fundi atalipa 70,000 za riba kila mwezi kwa miezi 12, jumla 840,000. Ukijumlisha deni la msingi, atarejesha shilingi 2,840,000, yaani karibu 236,700 kwa mwezi.

Tazama kinachotokea katikati ya mwaka. Baada ya marejesho sita fundi ameshapunguza nusu ya deni la msingi, na amebakiza milioni moja. Lakini riba ya mwezi wa saba ni ileile 70,000, ambayo sasa ni asilimia 7 ya fedha anazodaiwa kweli. Mwezi wa mwisho anadaiwa karibu 166,700 za msingi, na bado anatozwa 70,000 za riba. Hiyo ni asilimia 42 kwa mwezi mmoja. Kwenye mkataba, kiwango hakijabadilika hata kidogo.

Ofisi ya pili inahesabu riba juu ya salio, yaani fedha ambazo mkopaji hajazirudisha bado. Mwezi wa kwanza riba ni 70,000 vilevile, kwa sababu salio ni milioni mbili. Mwezi wa pili salio limeshuka, hivyo riba inakuwa karibu 65,200, na inaendelea kushuka kila rejesho linapolipwa. Fundi analipa kiasi kilekile kila mwezi, yapata shilingi 207,000, ila mgawanyo wa ndani unabadilika: sehemu ya riba inapungua na sehemu ya msingi inaongezeka. Mwisho wa mwaka atakuwa amelipa riba ya takriban 483,600. Ile ofisi ya kwanza ingemtoza 840,000.

Mkopaji hahitaji kikokotoo cha kibenki kuitambua tofauti hii. Aombe ratiba ya marejesho kabla ya kusaini, kisha aangalie safu ya riba. Ikiwa tarakimu ni ileile kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, riba inahesabiwa juu ya deni lote la mwanzo. Ikiwa inashuka mstari kwa mstari, inahesabiwa juu ya salio. Ofisi isiyotaka kutoa ratiba hiyo kwa maandishi imeshatoa sababu tosha ya mtu kuondoka.

Kuna jambo jingine la kukagua hapo hapo. Nchini Tanzania, taasisi zinazokopesha bila kupokea amana zinasimamiwa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Zinatakiwa kuwa na leseni, na kikomo cha riba yao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu mara nyingi huvuka kikomo hicho kwa mbali, au hukifunika kwa ada zilizopewa majina mengine.

Fundi wetu amechagua ofisi ya pili. Sasa anaulizwa: dhamana yako ni nini?

Dhamana ni mali ambayo mkopaji anampa mkopeshaji haki ya kuiuza endapo deni halitalipwa. Mali inabaki kuwa ya mkopaji na anaendelea kuitumia. Kilichobadilika ni kwamba hawezi kuiuza wala kuiweka dhamana kwingine bila ruhusa. Kwa mkopo wa kiasi hiki huenda ikawa cherehani, friji au kadi ya pikipiki. Mkopo ukiwa mkubwa, nyumba au kiwanja huwekwa rehani na hati hukaa kwa mkopeshaji. Nyumba ya familia ina ulinzi wa pekee: Sheria ya Ardhi inataka ridhaa ya mume au mke wa mkopaji kabla haijawekwa rehani. Saini hiyo isichukuliwe kuwa ya kukamilisha karatasi tu, kwa sababu anayeiweka anakubali kwamba siku moja nyumba inaweza kuuzwa.

Mdhamini ni suala tofauti. Huyu ni mtu, naye anaahidi kulipa mkopaji akishindwa. Shemeji au rafiki anayesaini ukurasa wa mwisho kwa kuona haya kukataa ameubeba mzigo wa deni zima, pengine bila kuusoma mkataba wenyewe.

Hapa pana mtego unaowamaliza wengi. Wapo wakopeshaji wasio na leseni ambao humsainisha mkopaji mkataba wa mauzo badala ya mkataba wa mkopo, ikisomeka kwamba amemuuzia fulani nyumba au gari kwa bei ambayo ndiyo kiasi cha mkopo. Mkopaji huambiwa ni utaratibu wa ofisi. Akichelewa, mkopeshaji hahitaji notisi wala mnada, kwa sababu karatasi zinaonyesha mali ilishauzwa zamani, na mkopaji ndiye anayebaki na kazi ya kuthibitisha mahakamani kwamba ulikuwa mkopo. Wengine huchukua kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Vyote viwili ni vya kukataa papo hapo, hata shida iwe kubwa namna gani.

Neno la nne ni kuvunja masharti ya mkopo, na maana yake ni pana kuliko kushindwa kulipa. Mikataba mingi huorodhesha makosa kadhaa: kuchelewesha rejesho, kutoa taarifa za uongo, kuuza mali iliyo dhamana, kuacha kulipia bima. Kwenye baadhi ya mikataba kuchelewa siku moja tu kunatosha. Mingine hutoa siku za nafuu. Kifungu hiki husomwa na wachache, nacho ndicho chenye makali kuliko vyote.

Tuseme fundi amelipa marejesho sita bila kukosa, kisha akaugua. Rejesho la saba halikulipwa. Yeye anajua anadaiwa 207,000. Lakini mkataba wake unasema mkopaji akivunja masharti, salio lote linaiva mara moja. Salio hilo ni kiasi gani? Amelipa zaidi ya shilingi 1,240,000, na angetegemea kwamba amevuka nusu. Kumbe miezi ya mwanzo ndiyo iliyobeba riba kubwa, hivyo deni la msingi lililobaki ni yapata 1,103,000. Hizo zote sasa zinadaiwa, pamoja na riba ya mwezi huo na adhabu ya kuchelewa kama imeandikwa.

Asipopata fedha, dhamana inakwenda mnadani. Vitu vilivyotumika huuzwa kwa bei ya chini huko. Tuseme mashine zake zimeuzwa 800,000, na gharama za dalali ni 80,000. Zinabaki 720,000 za kupunguza deni. Fundi amepoteza mashine na bado anadaiwa karibu 383,000 za msingi, mbali na riba ya mwezi huo na adhabu, kwa sababu kuuzwa kwa dhamana hakufuti deni lisilotosheka. Upande wa pili nao ni kweli: mali ikiuzwa kwa zaidi ya deni na gharama, ziada ni ya mkopaji na ana haki ya kuidai.

Kwa rehani ya ardhi, sheria ya Tanzania inamtaka mkopeshaji atoe kwanza notisi ya siku 60 inayoeleza kosa, kabla ya kuuza. Anayeuza pia ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana, wala hana ruhusa ya kugawa nyumba kwa bei ya kutupa. Siku hizo 60 ni nafasi ya kulipa, kutafuta mnunuzi wa bei bora au kwenda mahakamani. Wengi huzimaliza wakiificha barua kabatini.

Muda mzuri zaidi wa kuzungumza ni kabla ya tarehe ya rejesho kupita. Mkopo ambao bado haujavunjwa masharti unaweza kupangwa upya: muda unaongezwa na rejesho linapungua. Jumla ya riba itaongezeka, lakini dhamana itabaki salama na historia ya mkopaji haitachafuka kwenye kumbukumbu za mikopo ambazo benki huzikagua. Makubaliano hayo yawe kwa maandishi na yasainiwe na pande zote mbili, maana ahadi ya ofisa mkopo aliyoitoa kwa simu haibadilishi mkataba.

Basi kwa anayekopa kwa mara ya kwanza: omba nakala ya mkataba na ratiba ya marejesho, nenda nazo nyumbani, ulale nazo usiku mmoja. Tafuta kiasi utakachopokea mkononi, safu ya riba, mali iliyotajwa kuwa dhamana, na kifungu kinachosema ni lini deni lote linaiva. Usipokielewa kimoja kati ya hivyo vinne, rudi ukaulize kabla ya kusaini.