Meneja wa mfuko alipata wapi faida ya ziada?

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja unapotangaza kuwa umepata faida kuliko soko, mwekezaji huona tarakimu moja tu. Ndani yake kuna maamuzi mawili tofauti: meneja aligawaje fedha kati ya hisa na hatifungani, na ndani ya kila fungu alichagua zipi. Mwaka 1986, Gary Brinson, Randolph Hood na Gilbert Beebower walichapisha nchini Marekani njia ya kuyatenganisha maamuzi hayo.

Tuchukue mfuko wa kubuni wenye shilingi milioni 100. Kipimo chake, yaani mfuko wa kulinganishia uliokubaliwa tangu mwanzo, huweka asilimia 60 kwenye hisa na 40 kwenye hatifungani. Mwaka huo hisa za kipimo zilizaa asilimia 10 na hatifungani asilimia 5. Kwa hiyo kipimo kilipata milioni 6 na milioni 2, jumla milioni 8.

Meneja wetu aliweka milioni 80 kwenye hisa na 20 kwenye hatifungani. Hisa alizochagua zilizaa asilimia 9, hatifungani zake 5. Akapata milioni 8.2, yaani laki mbili zaidi ya kipimo.

Sasa tukokotoe mfuko wa tatu, usiokuwepo popote ila kwenye karatasi: wenye mgawanyo wa meneja, lakini hisa na hatifungani za kipimo. Ungepata milioni 8 kwenye hisa na milioni 1 kwenye hatifungani, jumla milioni 9. Tofauti yake na kipimo, milioni 1, ndiyo matunda ya mgawanyo. Kutoka hapo hadi milioni 8.2 alizopata kweli, laki nane zimepotea, na zimepotea kwenye uchaguzi wa hisa. Meneja huyu akijinadi kuwa bingwa wa kuchagua kampuni, hesabu inamkana: aliokolewa na uamuzi wa kuongeza hisa.

Hizo laki nane nazo zina utata. Laki sita zingepotea hata kama angeweka milioni 60 tu kwenye hisa. Laki mbili zilizobaki zimetokana na maamuzi yote mawili kukutana: aliongeza fedha mahali alipochagua vibaya. Baadhi ya ripoti huzionyesha peke yake kama athari ya mwingiliano, nyingine huziunganisha na uchaguzi. Kabla ya kulinganisha mameneja wawili, hakikisha ripoti zao zimefuata utaratibu mmoja.

Kagua pia kipimo chenyewe. Kama meneja huweka asilimia 80 kwenye hisa mwaka baada ya mwaka, kipimo cha asilimia 60 kitampa sifa ya mgawanyo kila hisa zinapozaa zaidi ya hatifungani, ingawa hakuamua jambo jipya.