Hezi 5000 Inayosikika Kama 3000

Chukua sauti safi ya hezi 5000, yaani hewa inayotikisika mara 5000 kwa sekunde, uiingize kwenye mtambo unaorekodi kwa kasi ya simu bila kinga yoyote. Ukiicheza tena rekodi hiyo utasikia sauti nyingine kabisa: ya hezi 3000, nzito zaidi, safi na thabiti kama vile ndiyo uliyoiingiza. Mtambo haujaharibika, na kila kipimo ulichochukua ni sahihi. Hata ukinunua mtambo wenye usahihi mara kumi, bado utapata hezi 3000. Mahali pa kuangalia ni kwenye pengo lililopo kati ya kipimo kimoja na kinachofuata.

Simu ya kidijitali haisafirishi sauti yenyewe. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha G.711, kilichopitishwa mwaka 1972, sauti hupimwa mara 8000 kila sekunde, na vipimo hivyo, yaani sampuli, ndivyo vinavyosafiri vikiwa tarakimu. Kinachotokea kati ya sampuli mbili hakiandikwi popote.

Sasa fikiria gurudumu lenye alama moja nyeupe ukingoni, linalozunguka kwa kasi isiyobadilika. Ukifuatilia kimo cha alama hiyo juu na chini ya ekseli, utaona kinapanda na kushuka kwa mpangilio laini. Hilo ndilo wimbi la sini, umbo la sauti safi. Mzunguko mmoja, nyuzi 360, ni wimbi moja. Kwa hiyo sauti yetu ya hezi 5000 ni gurudumu linalozunguka mara 5000 kwa sekunde, na sisi tunafumbua macho mara 8000 tu katika sekunde hiyo hiyo. Kati ya kufumbua na kufumbua, gurudumu husogea sehemu 5 kati ya 8 za mzunguko, sawa na nyuzi 225.

Tuanze alama ikiwa usawa wa ekseli, kwenye nyuzi 0. Sampuli inayofuata iko nyuzi 225. Ya tatu ni 450, lakini 450 ni mzunguko mzima na nyuzi 90 za ziada, kwa hiyo jicho linaona 90 tu. Ya nne ni 675, inayoonekana kama 315. Tukiendelea hivyo na kuandika kimo cha alama kila mara, tunapata:

0, −0.71, 1, −0.71, 0, 0.71, −1, 0.71

kisha orodha inaanza upya. Hizi ndizo tarakimu zote ambazo mtambo unazo kuhusu sauti ya hezi 5000.

Fanya hesabu ile ile kwa sauti ya hezi 3000. Hii husogea sehemu 3 kati ya 8 za mzunguko kwa kila sampuli, yaani nyuzi 135. Vimo vyake ni:

0, 0.71, −1, 0.71, 0, −0.71, 1, −0.71

Ziweke orodha mbili hizo juu na chini. Ni tarakimu zile zile. Kilichobadilika ni alama za chanya na hasi. Na ukilizungusha gurudumu la hezi 3000 kinyume, hata tofauti hiyo inatoweka: orodha zinalingana moja kwa moja. Sikio halijali wimbi limeanza kwa kupanda au kwa kushuka, kwa hiyo kwake hii ni sauti ya hezi 3000 tu.

Kiini cha jambo kimo humo. Kusogea nyuzi 225 mbele na kusogea nyuzi 135 nyuma hukufikisha mahali pamoja, kwa sababu 225 na 135 zikijumlishwa ni 360. Anayeona vituo tu, bila kuona safari, hawezi kujua ni njia ipi iliyopitwa. Kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa sauti hulazimika kuchagua, na kimeundwa kuchagua njia fupi. Ndiyo maana gurudumu la gari kwenye filamu, inayopigwa picha 24 kwa sekunde, wakati mwingine huonekana likirudi nyuma huku gari likienda mbele.

Njia fupi huwa ndiyo ya kweli pale tu gurudumu linaposogea chini ya nusu mzunguko kati ya sampuli mbili. Kwa sampuli 8000, nusu mzunguko maana yake ni hezi 4000. Masharti ya kupima kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa yanatoka hapo, na mpaka huo huitwa kwa jina la Harry Nyquist, mhandisi wa simu nchini Marekani aliyechapisha kazi yake mwaka 1928.

Neno “inayozidi” lina uzito wake. Jaribu hezi 4000 kamili: alama inasogea nyuzi 180 kila mara, nayo ikianzia usawa wa ekseli, vimo vyote ni 0, 0, 0, 0. Sauti ilikuwepo, rekodi ni kimya. Ikianzia nyuzi 90 unapata 1, −1, 1, −1. Ikianzia nyuzi 30 unapata 0.5, −0.5. Ukubwa wa sauti unategemea bahati ya saa uliyoanza kupima.

Wimbi hili bandia likishaingia haliondoki. Sauti ya kweli ya hezi 3000 na ile ya 5000 iliyojigeuza zimeandikwa kwa tarakimu zile zile, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kufuta moja na kuibakiza nyingine kwa kuzitazama tarakimu hizo tu. Kinga huwekwa mapema: kichujio kinachozuia masafa ya juu kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa. Kwenye simu, kichujio huruhusu hadi hezi 3400 hivi, si 4000, kwa sababu hakuna kichujio kinachokata kama kisu. Hufifisha sauti taratibu. Sauti ya hezi 4600 ikipenya ingeangukia 3400, maana 8000 ukitoa 4600 ni 3400. Kwa hiyo kichujio kina nafasi ya kutoka 3400 hadi 4600 kumaliza kazi yake. Gharama yake tunaisikia: sehemu kubwa ya nguvu ya sauti ya “s” iko juu ya hezi 4000 na hukatwa, ndipo “sisi” na “fisi” hukaribiana sana kwenye simu.

Ukiwa na shaka juu ya sauti fulani kwenye rekodi, na chanzo chake bado kinalia, badilisha kidogo kasi ya kupima. Tuseme unasikia hezi 3000 kwa sampuli 8000. Pima kwa 8100, bado bila kichujio. Ikibaki 3000, ni ya kweli. Ikipanda hadi 3100, chanzo ni hezi 5000, kwa kuwa 8100 ukitoa 5000 ni 3100. Ikishuka hadi 2900, chanzo ni hezi 11000, iliyozidi mzunguko mmoja mzima kwa kila sampuli. Na ikipanda hadi 3200, imepishana na mizunguko miwili: 16200 ukitoa 3200, chanzo ni hezi 13000.