Tiketi Mia na Mtungi wa Gololi

Mei 1952 wachumi na wanatakwimu walikutana Paris kujadili namna mtu mwenye busara anavyopaswa kuamua pale asipojua litakalotokea. Alikuwapo Leonard Savage, mwanatakwimu Mmarekani aliyekuwa akiandaa kitabu cha kuweka misingi ya uamuzi wa aina hiyo. Alikuwapo pia Maurice Allais, mchumi Mfaransa ambaye hakuikubali misingi hiyo. Inasimuliwa kuwa wakati wa chakula cha mchana Allais alimwekea Savage maswali mawili ya bahati nasibu. Savage alijibu papo hapo, na majibu yake yalivunja kanuni aliyokuwa akiitetea.

Swali la kwanza la Allais lilikuwa hivi. Unaweza kupewa faranga milioni 100 bila sharti lolote. Au unaweza kucheza mchezo ambao una asilimia 10 ya kukupa milioni 500, asilimia 89 ya kukupa milioni 100, na asilimia 1 ya kukuacha mikono mitupu. Watu wengi hushika milioni 100 zao wakatulia. Swali la pili halina cha uhakika: ama asilimia 11 ya kupata milioni 100, ama asilimia 10 ya kupata milioni 500, na ukikosa hupati kitu. Hapa wengi huziendea milioni 500, kwa kuwa 10 na 11 zinakaribiana mno. Savage naye alichagua hivyohivyo.

Msomaji anaweza kuuliza kosa liko wapi. Mtu akikataa kuhatarisha mali iliyokwisha kuwa mkononi, si ndiyo busara yenyewe? Kweli, na nadharia ambayo Allais aliishambulia haikatai jambo hilo. Tangu Daniel Bernoulli mwaka 1738 ilijulikana kuwa shilingi haina uzito uleule kwa maskini na kwa tajiri, na kwamba milioni ya pili huongeza raha kidogo kuliko ile ya kwanza. John von Neumann na Oskar Morgenstern, katika kitabu chao cha mwaka 1944, waliijengea fikra hiyo msingi wa kihisabati. Kila tokeo lipe kiasi cha manufaa unayoyaona wewe mwenyewe, kizidishe kwa uwezekano wake, jumlisha, kisha chagua chenye jumla kubwa. Mwoga wa hatari na mpenda hatari wote wana nafasi humo. Kinachodaiwa kwao ni kutojipinga.

Sharti linalobeba mzigo mkubwa kuliko yote ni hili: ikiwa machaguo mawili yana sehemu inayoleta tokeo lilelile, sehemu hiyo isiwe na sauti katika uamuzi. Savage alilieleza kwa mfano wa mfanyabiashara anayefikiria kununua kiwanja kabla ya uchaguzi wa rais. Anajiuliza kama angenunua iwapo chama kimoja kingeshinda, na anaona angenunua. Anajiuliza kuhusu chama kingine, na jibu ni lilelile. Basi na anunue sasa, kwa sababu kutojua mshindi hakubadilishi kitu. Ni vigumu kulipinga wazo hilo ukilisikia peke yake, na ndiyo maana majibu ya Paris yalikuwa na uzito.

Savage hakuyakwepa majibu yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 alikiri alichochagua, kisha akayapanga maswali ya Allais upya kwa kutumia tiketi 100 za bahati nasibu. Tuyafuate hapa kwa faranga za Allais.

Katika swali la kwanza, chaguo la uhakika linalipa milioni 100 kwa kila tiketi. Chaguo la pili halilipi kitu kwa tiketi namba 1, linalipa milioni 500 kwa namba 2 hadi 11, na milioni 100 kwa namba 12 hadi 100. Katika swali la pili, chaguo la kwanza linalipa milioni 100 kwa namba 1 hadi 11, na zilizobaki hazilipi kitu. Chaguo lake jingine halilipi kitu kwa namba 1, linalipa milioni 500 kwa namba 2 hadi 11, na zilizobaki hazilipi kitu.

Sasa ziangalie tiketi 12 hadi 100 tu. Ndani ya swali la kwanza zinalipa milioni 100 uchague lolote, na ndani ya swali la pili hazilipi chochote uchague lolote. Zifunike kwa kiganja. Kilichobaki katika maswali yote mawili ni tiketi 11 zilezile: ama milioni 100 kwa kila moja, ama milioni 500 kwa kumi kati yake na sifuri kwa ile moja. Swali ni moja, nawe umelijibu kwa namna mbili. Hakuna mizani ya manufaa, iwe ya mwoga au ya jasiri, inayoweza kuyabeba majibu hayo yote mawili, kwa kuwa la kwanza linasema tiketi 11 za milioni 100 zina thamani zaidi, na la pili linasema zina thamani pungufu.

Alipoliona hilo, Savage aliligeuza jibu lake la pili na kuhesabu kuwa amesahihisha kosa. Allais hakutikisika. Makala yake, iliyochapwa kwa Kifaransa mwaka 1953 katika jarida la Econometrica, ilishikilia kuwa uhakika una thamani yake wenyewe, na kwamba sehemu za mchezo haziwezi kupimwa mojamoja kana kwamba hazijuani. Anayekosa kwa tiketi namba 1 katika swali la kwanza amepoteza utajiri uliokuwa wake. Anayekosa katika swali la pili alitarajia kukosa tangu mwanzo.

Hoja hiyo nina huruma nayo, lakini kwa upande huu naona Savage ana nguvu zaidi. Sababu yangu ni jambo linaloweza kujaribiwa. Mwaka 1989 mchumi John Conlisk aliyapanga maswali ya aina hii kwa hatua, ili sehemu inayofanana ionekane wazi, na majibu yanayojipinga yakapungua sana. Ikiwa mpangilio mwingine wa maneno yaleyale unaliondoa pendeleo, basi sehemu kubwa ya pendeleo hilo ilizaliwa na mpangilio. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 jinsi linavyozaliwa: kushuka kutoka hakika hadi karibu na hakika kunaumiza kuliko kushuka kwa kiasi hichohicho kati ya 11 na 10.

Miaka tisa baada ya Paris kikaja kitendawili cha pili, na hiki hakifunikwi kwa kiganja.

Daniel Ellsberg, aliyekuwa mchambuzi katika taasisi ya RAND huko California, ndiye yule ambaye mwaka 1971 alitoa kwa magazeti nyaraka za siri za Marekani kuhusu vita vya Vietnam. Makala yake ya mwaka 1961 inataka mtungi wenye gololi 90. Thelathini ni nyekundu. Sitini zilizobaki ni nyeusi au za njano, kwa mgawanyo usioujua: huenda zote ni nyeusi, huenda hakuna hata moja nyeusi. Inatolewa gololi moja bila kuangalia. Je, uwekewe dola 100 juu ya nyekundu, au juu ya nyeusi? Wengi husema nyekundu. Kisha unaulizwa tena: dola 100 ikitoka nyekundu au ya njano, au dola 100 ikitoka nyeusi au ya njano? Wengi husema nyeusi au ya njano, kwa kuwa hizo wanajua ni 60 kamili.

Gololi ya njano hapa inashika nafasi ya zile tiketi 89. Katika swali la kwanza hailipi kitu uchague lolote, na katika la pili inalipa dola 100 uchague lolote. Iondoe, na maswali yote mawili yanabaki kuwa nyekundu dhidi ya nyeusi. Anayechagua nyekundu kwanza ameonyesha kuwa anaona nyeusi hazifiki 30. Anayechagua nyeusi na njano baadaye ameonyesha kuwa anaona nyeusi zinazidi 30. Zaidi ya hapo, zawadi ni mbili tu, dola 100 au sifuri, kwa hiyo mjadala wa uzito wa fedha hauingii kabisa. Kwa Allais uwezekano ulikuwa umetajwa wote, na watu waliupima vibaya. Kwa Ellsberg, anayechagua hivi haonekani kuwa na uwezekano wowote kichwani wa kuupima.

Howard Raiffa wa Harvard alijaribu kuirudisha kanuni mahali pake mwaka huohuo wa 1961. Alisema kwamba mbele ya mtungi wa rangi mbili usiojua mgawanyo wake, unaweza kurusha sarafu ili ikuchagulie rangi, na hapo una nusu kwa nusu kamili, mtungi uwe na gololi gani. Basi unaogopa nini? Ni hoja nzuri. Lakini Ellsberg aliripoti kuwa miongoni mwa waliojaribiwa wapo walioelewa kanuni vizuri, wakatafakari, na bado wakabaki na chaguo lao. Mmoja wao alikuwa Savage. Aliyesahihisha jibu lake mbele ya tiketi hakulisahihisha mbele ya mtungi, na kwangu hilo ndilo linalotenganisha vitendawili hivi viwili: kimoja hudhoofika kikielezwa wazi, kingine hubaki baada ya maelezo yote.

Mwaka 1989 Itzhak Gilboa na David Schmeidler waliandika kanuni inayomtetea mteuzi wa Ellsberg. Usishike makadirio mamoja, shika yote yanayowezekana, kisha kila chaguo lipime kwa makadirio mabaya kuliko yote. Nyekundu ina gololi 30 kwa vyovyote, ilhali nyeusi inaweza kuwa na sifuri, kwa hiyo nyekundu inashinda. Nyekundu na njano inaweza kushuka hadi 30, ilhali nyeusi na njano ni 60 daima, kwa hiyo hii ya mwisho inashinda. Majibu ya wengi yanatoka sawasawa, na hakuna anayejipinga.

Bei yake ni kwamba mtu anaamua kana kwamba mtungi umejazwa na adui yake, na huo ni woga kuliko tunaouona kwa watu wengi. Ugumu mwingine ulitokea mwaka 1995, Craig Fox na Tversky walipouliza watu wangelipa kiasi gani kuucheza mtungi unaojulikana na kiasi gani kuucheza usiojulikana. Walioonyeshwa mitungi yote miwili pamoja waliushusha bei ule usiojulikana. Walioonyeshwa mmoja tu, kila kundi na wake, walitaja bei ambazo karibu hazikutofautiana. Kanuni ya Gilboa na Schmeidler haina mahali pa kuuliza ni mtungi gani mwingine umesimama kando, lakini watu wale, kwa dalili zote, waliangalia hilo kwanza.