Nafasi moja ndani ya "amempikia"

Anayejifunza Kiswahili akikuandikia "Mama amempikia mtoto uji" kisha akauliza kama amekosea, mjibu bila kusita kwamba amepatia. Akiuliza kwa nini, ndipo wengi wetu tuliozaliwa na lugha hii tunapokwama, kwa maana hatujawahi kukipasua kitenzi hicho tukaona kilivyopangwa.

Tukipasue. A- ni mama, mtenda. -me- inaonyesha wakati: upishi umekwisha. -m- ni mtoto. -pik- ni mzizi, -i- inasema kazi imefanywa kwa ajili ya mtu, na -a ni kiishio. Mtenda hutangulia, wakati hufuata, kisha mtendewa, na mtendewa huyo hukaa akiugusa mzizi. Ukiandika "ammepikia" umemtanguliza mtoto mbele ya wakati, na hakuna Mswahili atakayekuelewa kwa urahisi.

Huenda mwanafunzi akashuku: hiyo -m- ni ya mtoto kweli, au ya uji? Abadilishe neno moja moja aone. Uji ukiwa chai, kitenzi kinabaki amempikia. Mtoto akiwa watoto, mara kinageuka amewapikia. Basi -m- ni ya mtoto. Uji nao una kiwakilishi chake, -u-, kama katika "Mama ameupika uji", lakini hapa umekosa pa kukaa. Kiswahili sanifu hutoa nafasi moja tu ya namna hiyo katika kitenzi, na panapokuwa na anayefanyiwa jambo, yeye ndiye huichukua. Ndiyo maana husemi "amemuupikia". Kosa linaloonekana zaidi kwa wanafunzi ni la kuiacha nafasi hiyo wazi: "Mama amepikia mtoto uji". Tutamwelewa, lakini sikio linahisi pengo, hasa kwa kuwa anayetajwa ni mtu.

Nafasi hii inafanya kazi nyingine ambayo naiona nzuri mno. Chukua kitenzi kifupi, -la. Tunasema "amekula chakula", na ile -ku- haina maana yoyote hapo. Imewekwa ili ibebe mkazo, kwa sababu Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, na -me- haibebi mkazo. Sasa kitaje chakula ndani ya kitenzi: "amekila chakula chote". -ku- imetoweka! -ki- imeketi papo hapo kando ya mzizi na kuubeba mkazo yenyewe, kwa hiyo -ku- haihitajiki tena. Mwanafunzi anayeandika "amekikula" ameupanga mfuatano vizuri, ila amesahau kuiondoa -ku-. Mwambie atamke kwa sauti "amekula", kisha "amekila", asikilize mkazo unapoangukia.