Tatu Iliyogeuka Nane

"Hesabu yangu inakataa," mwalimu aliniambia, akaniwekea kompyuta mezani. Anafundisha Jiografia, na alitaka kuwachorea wanafunzi grafu ya idadi ya watu wa Zanzibar kwa mujibu wa sensa ya 2012. Jedwali lenyewe alikuwa nalo ndani ya kitabu cha kiada: mikoa mitano, wanaume, wanawake na jumla. Alilipiga skani, akalipitisha kwenye programu ya kusoma maandishi ya pichani, akabandika matokeo kwenye lahajedwali. Yote hayo yalimchukua chini ya dakika tano. Kisha akakaa jioni nzima akitafuta kwa nini idadi ya wanawake imepungua kwa zaidi ya laki moja.

Nilimwomba tuanze upya, tangu kwenye picha. Tarakimu za majedwali ya vitabuni huwa ndogo kuliko maandishi mengine. Ukiskani kwa nukta 300 kwa inchi, tarakimu ya namna hiyo inapata kimo cha nukta ishirini na kitu, na mwanya wa upande wa kushoto wa 3 unaonekana vizuri. Ukiskani kwa nukta 100, kimo kinabaki nukta saba au nane tu, na ule mwanya unakuwa nukta moja ya kijivu. Programu haina namna ya kujua kama ni 3 au 8, hivyo inabahatisha. Picha iliyotumwa kama ujumbe wa simu nayo hubanwa njiani na kuharibika vivyo hivyo, kwa hiyo ni afadhali itumwe kama faili. La pili ni mgongo wa kitabu. Usipoubana ukurasa ukalala, mistari inapinda karibu na mshono, na namba za mwisho za mstari zinapanda kwenye mstari wa juu.

Kwa kusoma picha tulitumia Tesseract, programu ya bure iliyoanzia kampuni ya HP na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2005. Ina faili ya lugha ya Kiswahili, na amri yake ni mstari mmoja:

```
tesseract ukurasa.png jedwali -l swa --psm 6 -c preserve_interword_spaces=1
```

Ile `--psm 6` inaiambia programu iuchukue ukurasa kama bonge moja la maandishi, isijaribu kuugawa kama gazeti. Sehemu ya mwisho inalinda nafasi kati ya maneno, nayo ina maana kubwa kwenye jedwali letu. Majina ya mikoa yote mitano ni ya maneno mawili, kama Kusini Pemba au Mjini Magharibi, lakini mstari wa chini una neno moja tu: Jumla. Ukikata safu kila penye nafasi, mikoa inasogea hatua moja kulia na mstari wa jumla unabaki nyuma. Nafasi zikilindwa, unakata pale tu penye nafasi mbili au zaidi, na kila kitu kinakaa mahali pake.

Haya ndiyo tuliyopata:

```
Mkoa              Wanaume  Wanawake  Jumla
Kaskazini Unguja  92,114   95,341    187,455
Kusini Unguja     57.880   57,708    ll5,588
Mjini Magharibi   288,590  310,088   593,678
Kaskazini Pemba   103,222  1O8,510   211,732
Kusini Pemba      93,871   101,245   195,116
Jumla             630,677  672,892   1,303,569
```

Humo mna makosa manne. Matatu yanaonekana kwa macho ukitazama kwa utulivu: nukta badala ya mkato kwenye 57.880, herufi l mbili badala ya moja mbili kwenye ll5,588, na herufi O badala ya sifuri kwenye 1O8,510. La nne nitalirudia, maana ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Tuanze na ile O, kwa sababu ndiyo iliyomla mwalimu jioni yake. Lahajedwali likiona 1O8,510 linaihesabu kuwa ni maandishi, sawa na jina la mkoa. Ukiagiza `SUM` ijumlishe safu ya wanawake, inaruka seli hiyo kimyakimya bila onyo lolote, na inakupa 564,382 badala ya 672,892. Pungufu ni 108,510 kamili, yaani Kaskazini Pemba nzima imepotea. Dalili yake ni ndogo lakini haifichiki: usipogusa mpangilio wa seli, namba husimama upande wa kulia na maandishi upande wa kushoto. Macho yakichoka, fomula ya `=ISNUMBER(C5)` itakujibu TRUE au FALSE.

Ile nukta ni mjanja zaidi. Kwenye kompyuta nyingi za kwetu mkato hutenga maelfu na nukta hutenga desimali, hivyo 57.880 inapokelewa kama namba halali: hamsini na saba na kitu. Na kwa kuwa sifuri ya mwisho baada ya desimali haina thamani, lahajedwali linaifuta na kuonyesha 57.88. Mtu akija baadaye akaondoa nukta anapata 5788, na wanaume wa Kusini Unguja wanapungua mara kumi. Ndiyo sababu namba za skani huingizwa kwanza kama maandishi matupu. Katika LibreOffice Calc, dirisha la kuingiza faili linakuruhusu kuchagua safu na kuipa aina ya `Text`. Katika Excel, wakati wa kuleta faili ya maandishi, unachagua `Do not detect data types`. Sifuri inabaki salama mpaka wewe mwenyewe useme sasa ziwe namba.

Kisha unasafisha herufi zilizojipenyeza, lakini katika safu za namba peke yake. Mwalimu alikuwa amewahi kubadilisha kila l kuwa 1 katika laha nzima, na mstari wa chini ukawa umeandikwa "Jum1a". Tukachagua seli B2 mpaka D7, tukabadilisha l kuwa 1 na O kuwa 0 humo tu. Baada ya hapo fomula hii, ikiwekwa kwenye laha la pili, inaondoa mikato, nukta na ile nafasi isiyoonekana ambayo mara nyingi hufuatana na maandishi yaliyonakiliwa, kisha inageuza kilichobaki kuwa namba:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(Sheet1!B2,CHAR(160),""),",",""),".",""))
```

Ihifadhi kwa majedwali ya namba kamili kama hili. Jedwali la mvua lenye desimali za kweli litaharibika lote ukiondoa nukta.

Kuna njia ya mkato ambayo wengi wanaipenda: kuiambia Tesseract isitambue chochote isipokuwa tarakimu. Mimi siipendi. Ukiilazimisha hivyo, O itakuwa 0 vizuri, lakini doa la wino nalo litakuwa tarakimu fulani, na mstari wa wima wa jedwali utakuwa 1 mbele ya namba. Herufi iliyokosewa inakuonyesha mahali penye shaka. Tarakimu iliyokosewa inakaa kimya.

Na hilo ndilo kosa la nne. Tulipomaliza kusafisha, seli zote zilikuwa namba, zote zimesimama kulia, na mwalimu akashusha pumzi. Nikamwambia bado. Jedwali la sensa lina bahati ya kubeba majibu yake ndani: wanaume na wanawake wa kila mkoa lazima wafike kwenye jumla ya mkoa, na mikoa yote lazima ifike kwenye jumla ya chini. Tukaongeza safu ya E na mstari wa 8 kwa ajili ya ukaguzi:

```
E2:  =B2+C2-D2
B8:  =SUM(B2:B6)-B7
```

Ya kwanza tukaivuta chini mpaka E7, ya pili kulia mpaka D8. Jedwali likiwa safi, kote kutakuwa sifuri. Kwetu palikuwa na sifuri kila mahali isipokuwa seli mbili: E4 ilisema 5000, na B8 ikasema 5000.

Mstari wa 4 ni Mjini Magharibi, safu ya B ni wanaume. Kosa liko zinapokutana, B4, penye 288,590. Na tofauti yenyewe inasema zaidi ya mahali. Elfu tano juu maana yake tarakimu ya maelfu imezidi kwa tano. Hapo pana 8, basi ilipaswa kuwa 3. Tukaikuza skani: 3 ya 283,590 ilikuwa imevuja wino na kufunga upande wa kushoto. Programu ilisoma 8, nami nadhani hata mimi ningeisoma hivyo.

Ukizoea, tofauti hizi zinaanza kukusimulia. Tano, hamsini au elfu tano mara nyingi ni 3 na 8. Sita na wenzake huwa ni 1 na 7. Laki moja kamili mbele ya namba ya makumi elfu ni mstari wa jedwali uliosomwa kuwa 1. Tofauti inayogawanyika kwa 9 kwa kawaida si ya mashine bali ya mtu aliyechapa kwa mkono akapindua tarakimu mbili, kama kuandika 539,678 mahali pa 593,678. Watunza vitabu vya hesabu walijua hilo kabla ya kompyuta kufika ofisini. Na tofauti ikitokea kwenye safu ya jumla yenyewe, alama zinapingana: namba ya D4 ikizidi, E4 inakuwa hasi na D8 inakuwa chanya.

Makosa mawili yanaweza kufichana, lakini si rahisi. Yakikaa mstari mmoja yakafutana, bado safu zake mbili zitalalamika. Ili ukaguzi wa pande zote mbili udanganyike, lazima pawe na makosa manne yaliyojipanga kama pembe za mstatili, kila moja kwa kiasi kilekile. Tatizo halisi ni majedwali yasiyo na jumla, kama halijoto ya kila mwezi. Huko hakuna njia ila mtu mmoja asome kitabuni kwa sauti, tarakimu moja moja, na mwingine afuatilie kwenye skrini.

Mwalimu alirekebisha B4, sifuri zikajaa, grafu ikachorwa. Siku mbili baadaye alinipigia kuhusu jedwali jingine la kitabu hichohicho. Safu moja ilikuwa inapungua kwa 200, na alikuwa ameikuza skani mpaka tarakimu zikawa kubwa kama kidole, na zote zilikuwa zimesomwa sawasawa.

"Basi ni kitabu," nikamwambia.

"Nikirekebishe?"

Hatukujua ni seli ipi iliyokosewa, au kama ni jumla yenyewe. Tukakubaliana aziache namba kama zilivyochapwa, aipake seli ya jumla rangi ya njano, na kando yake aandike: kitabuni ndivyo, pungufu 200.